USIMPOSTI MAMA ANAYERISITI, MWOSHEE VYOMBO

Kuna staa mmoja wa kitambo, simtaji maana mnamjua vizuri kuliko mimi, kaonekana kwenye picha na madaftari mkononi akitoka darasani. Umri umeenda, watoto wakubwa. Basi mitandao ikachafuka. Nusu ya watu wanamwandikia "shikamoo mwanafunzi", nusu nyingine wanapiga makofi: shujaa, mfano wa kuigwa, mioyo myekundu mpaka simu inaganda.

Mimi nawaambia kwamba makundi yote mawili hayamsaidii kitu. Anayecheka anampotezea moyo, na anayepiga makofi anadhani ameshamaliza mchango wake. Hapa kwetu tuna mastaa wa aina hiyo ambao hakuna kamera inayowafuata. Yuko dada wa mgahawa pale Mpanda Hotel, yuko kaka wa bodaboda Kashaulili, yuko mama wa mitumba Buzogwe. Wamekimbia umande miaka ishirini iliyopita, au walikaa darasani ila matokeo yakawakimbia wao, na sasa wanarudi. Wengi wao kinachowaangusha ni saa za siku. Na hizo saa, samahani kwa kusema, mara nyingi tumezikalia sisi vijana wa nyumbani tukiwa na simu mkononi.

Ngoja niwape kisa kimoja tukichambue taratibu.

Ana D mbili za mwaka 2001

Kuna mama mmoja wa Makanyagio, jina nalificha kwa heshima yake. Ana miaka 42, watoto wanne, mume yupo, mama mkwe anaishi hapohapo. Anauza mitumba, na ni katibu wa kikundi cha akina mama. Kidato cha nne alimaliza mwaka 2001, akapata D ya Kiswahili na D ya Uraia, kwingine kote F.

Kwa hesabu ya leo ya NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na wanahesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. D mbili zinakupa 8, F tano zinakupa 25, jumla 33. Hiyo ndiyo pointi ya mwisho kabisa ya daraja la nne. Ukizidisha moja tu, unaangukia ziro.

Watu wakamwambia akafanye upya mtihani wote, masomo saba, ndiyo aeleweke. Mimi hapo ndipo ninapokataa. Kabla ya kununua daftari hata moja, mtu mzima anatakiwa ajiulize mlango gani anataka kuufungua, maana kila mlango una ufunguo wake. Kidato cha tano kinataka angalau C tatu. Kozi nyingi za astashahada zinataka angalau D nne, na somo la dini halihesabiwi. Kozi za afya zinataka sayansi ndani ya hizo D. Kwa hiyo unaanza kusoma sifa za kozi yenyewe, neno kwa neno, halafu ndio unachagua masomo.

Yeye anataka astashahada ya maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Kikundi chake kimekuwa kikiandikiwa maombi na watu wa kulipwa, na amechoka kusaini asichokielewa. Basi D mbili anazo tayari na hazijaoza. Anahitaji mbili zaidi. Akachagua masomo matatu ili moja liwe akiba: Historia, Jiografia na Kiingereza. Biolojia aliipenda, ila masomo ya sayansi yana karatasi ya vitendo, inataka maabara na mtu wa kukusimamia. Kwa mama wa sokoni hilo ni gharama nyingine ya muda.

Ona tofauti. Aliyeambiwa saba, sasa ana matatu. Hajakwepa kitu, amepima mlango.

Na kama wewe hukufika kidato cha nne kabisa, usidanganywe kwamba unaweza kuruka moja kwa moja. Unaanza na Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, ukipita huo ndipo unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Ukweli wa umri ambao hatuusemi

Kuna jambo moja wapiga makofi huwa hawalisemi. Matangazo ya ajira serikalini huandika kwamba mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye kazini serikalini tayari. Mama yetu ana 42. Mwaka mmoja wa kurisiti, mwaka wa astashahada, miaka miwili ya stashahada, anafika 46. Akirudi shule kwa ndoto ya kuajiriwa serikalini kama afisa mwenye stashahada, hesabu inamkataa kabla hajaanza.

Yeye anaijua hesabu hiyo. Alinijibu, "Mwanangu, mimi sitafuti mshahara wa serikali. Nataka nisome karatasi ya kikundi changu bila kumwita mtu." Hilo ni lengo ambalo umri hauligusi. Kuna mwingine ana 36, huyo mlango wa serikali bado uko wazi, lakini asilale. Na aliyeko kazini tayari, mhudumu wa ofisi au dereva wa halmashauri, yeye hilo la 45 halimhusu.

Na wale wa njia ya mkato, yaani kununua cheti, tukumbushane tu. Aprili 2017 zilitajwa hadharani nafasi za watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Watu walikuwa na nyumba, mikopo na watoto vyuoni, mshahara ukakatika. D mbili za kweli zinakuacha ulale usingizi.

Jina la kwenye cheti

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka. Kipindi hicho unakijua: Januari, ada za watoto, sare, na shamba linataka palizi. Kwa hiyo ada ya mtihani inatakiwa itunzwe kuanzia mavuno ya mwaka uliopita. Ukisubiri "ikipatikana", dirisha linafungwa, ukichelewa unalipa na faini juu.

Unaenda kwenye kituo cha mtihani kilichosajiliwa, unabeba cheti au namba yako ya mtihani wa zamani. Hapo wanawake wengi ndipo wanapokwama. Mwaka 2001 aliandikwa jina la baba yake. Akaolewa, kitambulisho cha NIDA kikaandikwa jina la mume. Sasa ni watu wawili kwenye karatasi. Ukijisajili kwa jina jipya, vyeti vyako viwili vitakuja kugombana siku ya kuomba chuo, na hapo zitaanza safari za kwa wakili kutafuta kiapo. Angalia majina mapema, herufi kwa herufi, kabla hujalipa.

Na malipo ufanye wewe mwenyewe. Mtu akikwambia "nipe hela nitakusajilia, mimi namjua fulani", mwambie akupe kontro namba, ulipie kwa simu yako, ujumbe wa malipo ubaki kwako. Kila mwaka kuna watu wanafika Novemba wanakuta hawamo kwenye orodha.

Saa mia mbili na ishirini na nne

Tufike kwenye kiini sasa. Mtihani ni Novemba. Tukianzia Machi mpaka mwisho wa Oktoba ni wiki 35. Mama huyu alikaa akaorodhesha siku yake bila kujidanganya. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, maji, chai, watoto. Saa mbili yuko sokoni. Saa kumi na mbili jioni anarudi, anapika, anamhudumia mama mkwe dawa, saa nne usiku macho yanafunga yenyewe.

Alichopata ni saa moja kila siku kwa siku tano, na saa tatu Jumapili mchana. Wiki nzima saa 8. Lakini wiki zote 35 hazipatikani. Kuna wiki za mavuno, kuna misiba, kuna mtoto kuugua malaria. Toa wiki 7. Zinabaki 28, mara 8, ni saa 224. Gawa kwa masomo matatu, kila somo linapata kama saa 75. Angechukua masomo saba, kila somo lingepata saa 32 tu. Kwa ubongo uliokaa miaka ishirini bila kufungua kitabu, saa 32 hazitoshi hata kuzoea Kiingereza cha maswali.

Sasa angalia hizo saa 8 za wiki ziko mikononi mwa nani. Ile saa moja ya jioni ipo tu kama mtu mwingine amepika. Zile tatu za Jumapili zipo tu kama mtu mwingine amefua. Mama huyu ana binti aliyemaliza kidato cha sita, yupo nyumbani anasubiri chuo. Wiki ya kwanza binti akamposti mama yake kwenye stetasi, ameinamia daftari, maneno mazuri, "mama yangu jasiri". Watu wakampenda sana. Vyombo vikabaki kwenye karai mpaka saa tatu usiku, mama akafunga daftari akaenda kuviosha.

Simsemi binti vibaya, ni sisi wote. Tunadhani kumtangaza mtu ni kumsaidia. Lakini saa moja ya vyombo na ugali, kila siku, ndiyo iliyosimama kati ya mama huyu na D ya Historia. Walivyokaa kikao cha familia, hawakuzungumza kuhusu kumtia moyo. Walipanga zamu. Binti jiko la jioni, mdogo wake vyombo, mume anampa mama yake dawa. Saa moja mpaka saa mbili usiku hakuna anayemwita mama labda nyumba iwe inaungua.

Na kwa Mpanda yetu kuna mtego mwingine ambao wa Dar hawaujui. Mtihani unaanguka Novemba, na mvua za kwanza nazo zinakuja kipindi hichohicho. Mahindi hayasubiri karatasi ya Jiografia. Familia nyingi mama ndiye jembe la kwanza. Kwa hiyo suala la nani atapanda linaamuliwa Septemba, kabla wingu halijaonekana. Kama ni kibarua wa kulipwa, fedha yake iwekwe pembeni tangu mavuno. Kama ni mume na watoto, kila mmoja aujue mstari wake. Wanaoliacha jambo hili mpaka mvua inyeshe, wengi utawakuta shambani asubuhi ya mtihani.

Kuhusu mume, tuseme tu kama lilivyo. Kuna wanaume wanaogopa. Mzee alimwambia mkewe, "Ukishapata hicho cheti utaanza kutudharau humu ndani." Yeye hakubishana. Alimpa kazi: awe anamshikia saa wakati wa kufanya mazoezi ya mtihani. Mzee anakaa na simu yake, anasema "dakika zimeisha, weka kalamu". Miezi miwili baadaye yeye ndiye anamkemea asipofungua daftari.

Kutu yenyewe iko wapi?

Watu wakirudi shule wanasema kichwa kimezeeka, hakishiki. Ukikaa nao utagundua kutu ina mahali pake maalumu, na hizo sehemu zinasugulika.

Sehemu ya kwanza ni mkono. Mtu ameandika kwa kidole gumba kwenye simu miaka kumi na tano. Umwambie aandike kwa kalamu saa tatu mfululizo, baada ya dakika ishirini vidole vinakakamaa. Dawa yake ni kuandika kweli. Kila siku ukurasa mmoja kwa mkono, hata kama ni kunakili, mpaka mkono urudi.

Sehemu ya pili ni lugha. Historia na Jiografia kwenye kidato cha nne zinaulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Mama huyu ukimuuliza Vita vya Maji Maji kwa Kiswahili atakusimulia mpaka usinzie: kuanzia 1905 mpaka 1907, maji ya Kinjekitile, Wajerumani, njaa iliyofuata. Mwambie aandike hayohayo kwa Kiingereza, anabaki anaitazama dari. Mwalimu wake wa tuisheni, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimpa njia rahisi. Kwa kila mada achague maneno ishirini tu ya Kiingereza yanayojirudia kwenye maswali, ayajue. Halafu kila hoja aiandike kwa sentensi tatu fupi: hoja yenyewe, maelezo yake, mfano wake. Asitafute Kiingereza cha redioni. Sentensi fupi iliyo sahihi inapata alama, sentensi ndefu iliyojikunja inampoteza msahihishaji na mwandishi pia.

Sehemu ya tatu ndiyo inawaumiza watu wazima zaidi: kujibu swali lisiloulizwa. Swali linasema eleza kwa nini Maji Maji ilishindwa. Mtu mzima ana hadithi kichwani, anaanza na Kinjekitile, anasimulia vita ilivyoanza, ukurasa mmoja na nusu, hajagusa kushindwa. Kijana wa miaka 17 hana hadithi, ana hoja: silaha duni dhidi ya bunduki, makabila ambayo hayakuungana, imani ya maji kukatika, Wajerumani kuchoma mashamba na chakula. Kijana anapata alama, mzee anapata pole. Kwa hiyo kabla ya kuandika, pigia mstari neno la amri kwenye swali. Taja ni jambo moja, eleza ni jingine, tofautisha ni jingine kabisa.

Nyongeza ndogo kwa wale wanaosoma usiku kwa kurudia kurasa walezile huku wakitikisa kichwa. Jipime hivi: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika hoja tano za mada uliyosoma juzi. Zikija mbili tu, basi ulikuwa unaitazama mada, bado hujaijua.

Majaribio mawili, maarifa yaleyale

Hapa ndipo nataka anayecheka aje aone. Karatasi ya Historia ya miaka ya karibuni ina saa tatu na alama 100. Sehemu A ina alama 16, za kuchagua na kuoanisha. Sehemu B ina maswali sita ya alama 9 kila moja, jumla 54. Sehemu C ni insha mbili za alama 15, jumla 30. Mpangilio huo wameuweka kwenye tovuti ya NECTA, yeyote anausoma, na hakikisha unausoma wa mwaka wako.

Jaribio la kwanza mama alianza na insha, maana ndizo zilizokuwa zinamwogopesha. Kila insha ikamla dakika 50. Dakika 100 zimeondoka kwa alama 30. Zikabaki dakika 80 kwa alama 70. Sehemu A akaimaliza kwa dakika 25 huku anatetemeka, zikabaki 55, akajibu maswali matatu tu ya sehemu B. Mengine matatu, alama 27, akayaacha matupu. Mwalimu akasahihisha: insha 11, sehemu A 6, sehemu B 9. Jumla 26. D inaanzia 30, kwa hiyo hiyo ni F.

Usiku ule alisema anaacha. Kila mtu mzima anayerisiti ana usiku wake kama huo, na ndio watu wengi wanaishia hapo, wanasema umri. Mwalimu hakumwambia maneno matamu. Alimwandikia hesabu. Dakika 180 kwa alama 100 ni kama dakika moja na sekunde 48 kwa alama moja. Swali la alama 9 lisizidi dakika 16. Insha ya alama 15 isizidi dakika 27. Sehemu A ina dakika 29, ukimaliza mapema unazitunza. Muda wa swali ukiisha, unaweka nukta, unahama, hata kama utamu ndio umekolea.

Jaribio la pili, wiki mbili baadaye, mzee kashika saa. Sehemu A akapata 8. Sehemu B akagusa maswali yote sita, kila moja akaokota alama 3, jumla 18. Insha zikawa fupi kuliko za mwanzo, akapata 4 na 4. Jumla 34. Hiyo ni D.

Angalia hizo insha. Zilishuka kutoka 11 hadi 8, na bado akavuka. Kwa wiki mbili hakuwa amejifunza historia mpya ya kutosha kubadilisha kitu. Kilichobadilika ni kwamba hakuna swali lililoachwa tupu. Ndiyo maana nasema kutu ilikuwa kwenye saa na mkono, na nyumba nzima ilishiriki kuisugua.

Sitawadanganya kwamba D ya jaribio ni D ya Novemba. Alama 34 iko karibu sana na ukingo, swali moja likienda kombo unarudi chini ya 30. Ndiyo sababu ya lile somo la tatu la akiba, na ndiyo sababu aliendelea kufanya pasti pepa kila Jumapili mpaka Jiografia nayo ikakaa.

Kuhusu neno "kuungaunga"

Kuna dharau moja ya mitandaoni lazima niiguse kabla sijafunga. Mtu akipita cheti, stashahada, halafu digrii ukubwani, mnamwita msomi wa kuungaunga. Sawa. Rais Samia Suluhu Hassan alimaliza sekondari mwaka 1977 akaanza kazi kama karani. Mzumbe alihitimu 1986, akiwa tayari mtumishi. Manchester akaenda miaka ya tisini. Shahada ya uzamili akaipata baadaye kupitia programu ya pamoja ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na chuo kimoja cha Marekani. Kama hiyo si kuungaunga, niambieni ni nini.

Na hicho Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu wasome bila kuacha kazi na familia, kimewahi kuwa na Mkuu wa Chuo kutoka hapahapa kwetu Katavi, Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni. Kwa hiyo mtu wa Mpanda akisema elimu ya ukubwani ni ya watu wa mbali, mwambieni aulize wazee wake.

Kuunga ni kazi. Nguo nyingi tunazovaa zinatoka Buzogwe, zimeshonwa na kupunguzwa, na tunapendeza nazo.

Sasa wewe unayesoma hapa, una mama, shangazi, mjomba au dada mkubwa mwenye cheti chake cha zamani ndani ya bahasha chini ya godoro. Huenda ameshakuuliza kwa kuzungukazunguka, "Hivi siku hizi kurisiti ni shilingi ngapi?" Hilo si swali la bei. Anapima utacheka au hutacheka.

Usicheke, na wala usikimbilie kamera. Muulize anataka mlango gani. Mtafutie sifa za kozi kwenye simu yako, maana bando unalo. Linganisha majina ya cheti na kitambulisho chake. Halafu chukua zamu ya jioni, saa moja mpaka saa mbili, siku tano kwa wiki, kuanzia Machi mpaka mahindi yatakapopandwa. Matokeo yakitoka, mposti unavyotaka.

Nyumbani kwenu nani anarisiti, na nani ameshika sufuria? Dondosha komenti hapo chini, ila majina ya watu muyahifadhi.